Aliyeuawa Siye Aliyekosa: Kupanga Visababishi vya Hitilafu kwa Picha za Skrini

Hotuba hii niliitoa mbele ya wasimamizi wa seva wenzangu. Naiweka hapa yote, kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa. Nimeongeza tu mistari ya konsoli niliyokuwa naisoma kwa sauti, kwa sababu masikio hayashiki tarakimu.

Ndugu zangu, habari za saa hizi.

Naomba kila mmoja afumbe macho kidogo na akumbuke picha ya mwisho aliyotumiwa kwenye simu. Picha ya skrini nyeusi, maandishi meupe, imekatwa pembeni, na chini yake maneno matatu: "Seva imekufa, saidia." Mnacheka kwa sababu mnaijua. Tuseme ukweli: ulipoitazama, ulijibu nini? Wengi wetu tunajibu kitu cha kwanza kilichokuja kichwani. Mmoja anasema mtandao, mwingine anasema hifadhidata, wa tatu anasema washa upya. Mara nyingine wa tatu anapatia, na hilo ndilo baya zaidi, maana seva inafufuka na ushahidi unazikwa.

Leo nina kisa kimoja tu, chenye picha tatu. Nitakipitia polepole, kwa sababu nataka muone jinsi orodha ya visababishi inavyopangwa, inavyopangika upya, na jinsi kilichokuwa juu kinavyoshuka chini.

Picha ya kwanza ilinifikia saa moja na dakika tano asubuhi. Ilikuwa na mistari kama ishirini, yote ikifanana. Huu hapa mmoja, nimeupunguza:

```
07:02:18 [error] 871#871: *51877 connect() failed (111: Connection refused)
while connecting to upstream, upstream: "http://127.0.0.1:8080/"
```

Tulikuwa watu watano kwenye kundi. Ndani ya dakika mbili tulikuwa na visababishi vitano: mtandao wa mtoa huduma, ukuta wa moto, seva kuzidiwa na wageni, hifadhidata kufa, na programu yenyewe kuanguka. Kila mmoja alitetea chake kama wakili.

Sasa, swali langu la kwanza kwenu. Mstari huu unasema nini? Na la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza: mstari huu unakataa nini?

Namba 111 ni jibu. Sikilizeni neno hilo, ni jibu. Mtu akigonga mlango na kutoka ndani ikasikika sauti "hakuna mtu wa kukupokea", basi nyumba ipo na njia ya kuifikia ipo. Seva inapopokea ombi la kuunganishwa kwenye poti ambayo hakuna programu inayosikiliza, kerneli hurudisha pakiti ya kukataa papo hapo. Hiyo ndiyo 111. Mwenzake ni 110, `Connection timed out`: umegonga, umesubiri, kimya. Kimya kina maana nyingi: mashine imezimika, pakiti zinatupwa njiani, ukuta wa moto unameza bila kujibu, foleni imejaa. Kukataliwa kuna maana chache. Watu wengi wanasoma 110 na 111 kama kitu kimoja, "haiunganiki", na hapo hapo wanapoteza nusu ya habari iliyokuwa kwenye picha.

Kisha tazameni anwani. `127.0.0.1`. Hiyo ni mashine kujipigia yenyewe. Hakuna waya wala ruta wala mtoa huduma kati yake na yenyewe. Kwa hiyo mtandao, uliokuwa wa kwanza kwenye orodha ya watu watatu kati ya watano, hauondoki juu kwenda chini, unatoka kabisa. Kuzidiwa na wageni nako kunashuka sana, kwa sababu kwenye Linux foleni ya TCP ikijaa, kawaida ombi jipya hutupwa kimya, nawe ungeona 110. Hifadhidata? Hifadhidata ikifa peke yake, programu bado inasikiliza poti 8080 na kujibu kwa hitilafu yake yenyewe. Inaweza kuwa chanzo cha mbali, kama programu hujiua inapoikosa, lakini haiwezi kuwa jibu la moja kwa moja.

Ukuta wa moto sikuufuta. Unaweza kuwekewa amri ya kukataa kwa sauti badala ya kumeza, na hapo utazaa 111. Ila nani huweka amri hiyo kwa mashine inayojipigia yenyewe? Ukaenda mkiani.

Orodha ikawa hivi: juu kabisa, programu haiko hai. Ya pili, iko hai lakini inasikiliza poti nyingine, labda mtu amebadilisha usanidi. Ya tatu, inajiwasha, haijafungua poti bado. Hii ya tatu ingefaa kama mistari ingekuwa ya sekunde chache tu, lakini ile ishirini ilitanda zaidi ya dakika moja, na programu yetu hufungua poti ndani ya sekunde kumi na tano. Ikashuka.

Angalieni nilichofanya. Sikuuliza "nini kinaweza kusababisha hitilafu hii?" Swali hilo halina mwisho, hata panya aliyetafuna waya anaingia. Niliuliza, "kama kisababishi hiki ndicho, mstari huu ungeandikwa hivi?" Kile ambacho kingeandika mstari mwingine, kinashuka.

Na kuna mtego wa upande wa pili, lazima niutaje. Sentensi moja inaweza kuzaliwa na wazazi wengi. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii nilitumiwa picha yenye `No space left on device`. Nikasema kwa kujiamini, diski imejaa, futa logi. Mwenzangu akafuta logi za wiki sita. Hitilafu haikuondoka. `df -h` ilionyesha nafasi tele tangu mwanzo, ila sikuiuliza. Diski haikuwa imejaa baiti. Zilikuwa zimeisha inodi, yaani nambari za kusajili mafaili, kwa sababu programu moja ilikuwa ikizalisha mafaili madogo ya muda kwa mamilioni. Amri ya `df -i` ingeniambia kwa sekunde mbili. Na bado kuna mzazi wa tatu: maneno hayo hayo, na namba ile ile 28, hutoka pia pale programu inapoomba kufuatilia mafaili mengi kuliko kikomo cha `fs.inotify.max_user_watches`. Hapo diski haihusiki hata kidogo. Zile logi za wiki sita sikuzirudisha kamwe, na mwezi uliofuata tulizihitaji.

Turudi kwenye kisa. Sikumwambia aliyetuma picha awashe upya. Nilimwomba picha ya pili, ya `systemctl status`. Kwa nini hiyo na si nyingine? Kwa sababu amri hiyo moja inatenganisha kisababishi cha kwanza na cha pili, inachukua sekunde tatu, na haibadilishi kitu. Hapa pana tofauti ambayo vijana wengi huikosa: mpangilio wa uwezekano si mpangilio wa kupima. Ukiwa na kisababishi cha tatu kinachopimwa kwa sekunde mbili, na cha kwanza kinachohitaji saa nzima na ruhusa ya bosi, anza na cha tatu. Lakini usikipandishe cheo kwa sababu tu ni rahisi.

Picha ya pili:

```
Active: failed (Result: signal) since ... 02:13:40; 4h 57min ago
Main PID: 2143 (code=killed, signal=KILL)
```

Basi programu imekufa, na imekufa tangu saa nane usiku. Cha pili kimefutika. Lakini ndugu zangu, je, tumepata kisababishi? Hapana. Tumepata maiti. Na maiti ina alama ya jinsi ilivyokufa.

Programu inayoanguka kwa kosa lake yenyewe kawaida huacha msimbo wa kutokea, mara nyingi 1, na maneno ya kulalamika kwenye logi. Iliyogusa kumbukumbu isiyo yake hupigwa ishara namba 11. Iliyoombwa kuondoka kwa adabu hupokea ishara 15. Hii yetu imepigwa 9, `KILL`. Ishara 9 haikataliki, na programu haipewi hata nafasi ya kuaga. Ndiyo maana logi yake mwenyewe ilikuwa safi kabisa. Ilikatika katikati ya kazi kama mtu aliyekatwa kauli. Kwenye kontena mtaiona kwa sura ya 137, ambayo ni 128 kujumlisha 9. Mkiona 143, ni 128 na 15, mtu au mfumo ameomba izimwe. Mkiona 139, ni 11.

Sasa, nani hupiga 9? Orodha mpya. Kwanza, kerneli yenyewe, memori ikiisha. Pili, binadamu au skripti iliyoandika `kill -9`. Tatu, systemd ikichoka kusubiri programu izimike, lakini hapo ingeandika `Result: timeout`. Imeandika `signal`. Cha tatu kikashuka.

Mtu akanisahihisha pale pale kwenye kundi, na nilifurahi. Akasema, "Mzee, kama ni memori si ingeandika `oom-kill`?" Swali zuri. Systemd za miaka ya karibuni huandika hivyo, zikiweza kuona. Mashine hii ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo kukosekana kwa neno hilo hakukunipa kitu. Kwenye mashine mpya kungenipa: memori ingeshuka na binadamu angepanda. Kimya cha shahidi kina uzito pale tu unapojua kwamba angeweza kusema.

Binadamu saa nane usiku? Tuliuliza. Watatu wenye ruhusa ya kuingia walikuwa wamelala, na `last` haikuonyesha mtu. Memori ikabaki juu peke yake. Lakini bado ilikuwa dhana. Nikaomba picha ya tatu, ya `dmesg`.

Hii ndiyo picha niliyokuja kuwaonyesha leo. Nimebakiza mistari minne:

```
[1209871.388] postgres invoked oom-killer: ...
[1209871.401] [   2143]  1001  2143 ... 519860 ... java
[1209871.401] [  30577]  1002 30577 ... 338412 ... python3
[1209871.402] Out of memory: Killed process 2143 (java) ... anon-rss:2079440kB
```

Kwanza saa. Namba iliyo kwenye mabano ni sekunde tangu mashine iwashwe. Sekunde 1,209,871 ni siku 14, na dakika nne na sekunde 31 juu yake. `uptime -s` ilituambia mashine iliwashwa 02:09:09. Jumlisha: 02:13:40. Ni sekunde ile ile iliyo kwenye picha ya pili, na ombi la kwanza kukataliwa lilikuwa 02:13:41. Tulipofanya hesabu hiyo ndipo niliacha kusema "huenda". Bila hesabu hiyo, mistari hii ingeweza kuwa ya wiki iliyopita. Konsoli haifuti ya jana ili kukupisha. Nimeona watu wakihangaika na hitilafu ya kutisha iliyo juu ya picha, kumbe ilikuwa na siku tisa na haihusiani na lolote.

Sasa hesabuni majina kwenye mistari hiyo. `postgres`. `java`. `python3`. Majina matatu. Nawauliza: nani amekosa?

Kundi likagawanyika upya. Wawili wakasema hifadhidata, kwa sababu jina lake liko mstari wa kwanza pamoja na maneno ya kutisha. Wawili wakasema java, kwa sababu ndiyo iliyouawa, na tena siku tatu nyuma wajenzi walikuwa wameweka toleo jipya bila kuiwasha java upya, na kila mtu alikuwa na hamu ya kuwalaumu wajenzi.

Aliyeita siye aliyekosa. `invoked oom-killer` maana yake ni kwamba postgres ndiye aliyekuwa zamu kuomba memori wakati hakuna iliyobaki. Aliomba kijiko, chungu kilikuwa kitupu tayari.

Aliyeuawa siye aliyekosa. Kerneli haimtafuti mwenye hatia. Inampa kila mchakato alama, na sehemu kubwa ya alama ni ukubwa wa memori anayoshikilia. Mwenye alama nyingi anauawa, kwa sababu kifo chake kitarudisha nafasi nyingi. Tunasema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Kwa kerneli ni kinyume: anachinjwa fahali mnene kuliko wote, hata kama alikuwa amelala.

Basi nani alikula? Jibu liko kwenye jedwali, lile ambalo watu hulikata kwenye picha kwa sababu ni refu na linachosha. Safu ya `rss` inahesabu kurasa, na kwenye mashine hii ukurasa mmoja ni kilobaiti nne. Java: kurasa 519,860, zaidi kidogo ya gigabaiti mbili. Python: kurasa 338,412, gigabaiti moja na theluthi. Mashine ina gigabaiti nne, haina `swap`. Hao wawili pekee wanakaribia tatu na nusu. Weka hifadhidata, weka kerneli, chungu kimekwisha.

Java ndiye mkubwa. Lakini ukubwa si kosa. Alikuwa ameruhusiwa lundo la megabaiti 1,500, na java huhitaji ziada nje ya lundo, kwa hiyo gigabaiti mbili zilikuwa kawaida yake. Kama toleo jipya lilikuwa linavuja, memori ingepanda siku tatu mfululizo, kidogo kidogo. Hiyo inapimika. Tulikuwa na `sar`, inayoandika hali ya mashine kila dakika kumi. `sar -r` ilionyesha mstari tambarare siku tatu zote, hadi saa nane kamili usiku. Kisha kipimo cha saa nane na dakika kumi, memori ikawa imejaa karibu yote. Uvujaji hauruki hivyo. Wajenzi wakashuka kwenye orodha, na mmoja wao aliyekuwa kwenye kundi akaandika neno moja ambalo sitalitaja hapa.

Mchakato 30577. Hata namba yake inaongea: java ni 2143, alizaliwa mashine ilipowashwa, huyu ni mgeni wa usiku huo. Tukafungua ratiba ya cron:

```
0 2 1 * * python3 /opt/ripoti/ripoti.py
```

Saa nane usiku, kila tarehe moja. Ilikuwa tarehe moja. Ripoti ya mwezi, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, ilikuwa ikisoma jedwali zima la miamala kwa mkupuo. Kila mwezi jedwali lilikua kidogo. Mwezi huo likapita kikomo.

Sasa rudini kwenye vile visababishi vitano vya asubuhi. Mtandao, ukuta wa moto, wageni wengi, hifadhidata, programu kuanguka. Je, ripoti ilikuwemo? Haikuwemo. Hakuna aliyeitaja, nami sikuitaja. Kwa hiyo msiniambie kwamba kazi ni kuchagua jibu kwenye orodha. Orodha ya kwanza ilikuwa na kazi moja tu, kutuambia tuombe picha gani inayofuata.

Na kuna neno moja kwenye mstari wa mwisho ambalo lingegeuza kila kitu, na halikuwepo. Kama ungeanza na `Memory cgroup out of memory`, maana yake mashine haikuishiwa. Kikundi kimoja kiligonga kikomo chake, na mashine inaweza kuwa na nafasi tele. Hapo anayekula huwa ndani ya kikundi hicho hicho, na ripoti ya nje isingehusika. Maneno mawili yakikatwa pembeni ya picha, unampeleka mtu kununua memori asiyohitaji. Ndiyo maana nikishapata picha ya kwanza huwa naomba maandishi: `journalctl --since "02:00" --no-pager`, yote, yakiwa faili. Picha inaonyesha alichoona mtumaji kuwa muhimu. Mimi nataka na kile alichokiona si muhimu. Na tafadhali, kabla ya kutuma, hakikisheni hakuna nywila; nimeziona nyingi mno kwenye picha hizi, sitasema za nani.

Tulibaki na kazi moja, kuthibitisha. Maana mpaka hapo tulikuwa na hadithi nzuri tu. Usiku uliofuata tuliiendesha ripoti kwa mkono, tukiwa macho, tukiifungia kwenye kizimba chake:

```
systemd-run --scope -p MemoryMax=600M python3 /opt/ripoti/ripoti.py
```

Kama tumekosea, ripoti ingemaliza salama ndani ya megabaiti 600. Haikufika dakika tatu. Baadaye mwandishi mwingine aliirekebisha isome safu elfu tano elfu tano, na ikawa haifiki megabaiti 200. Lakini usiku ule, yule kijana aliyenitumia picha ya asubuhi alinitumia ya nne bila neno lolote chini yake. Ilikuwa na `Memory cgroup out of memory`, jina lililouawa lilikuwa `python3`, na pembeni yake, kwenye dirisha la pili, java alikuwa bado anajibu kwenye 8080.

Mwenye picha simuni ambayo haijapata jibu, nitakuwa pale nyuma karibu na mlango. Njooni nayo, na kama bado mnalo, njooni na lile jedwali refu mlilolikata.